C0001 ziko saba, ya punda ni ipi?

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa Maulidi hapa Lamu: kamera tatu, siku nne, klipu mia sita na ushei. Kamera zilikuwa zimewekwa zianze kuhesabu upya kila kadi inapofutwa, basi nilipofungua projekti yangu ya Premiere Pro nikakuta C0001.MP4 saba. Moja ni mbio za punda, nyingine ni sufuria ya pilau.

Nikakosea zaidi. Nilikuwa nishakata dakika kumi, nikaingia kwenye diski nikabadilisha majina ya mafaili yenyewe. Asubuhi yake taimlaini nzima nyekundu: programu hulitafuta faili kwa jina na mahali ilipoliacha, na mimi nimeshalipa jina jingine. Siku nzima ilikwisha nikiziunganisha klipu upya na mafaili yake. Kwa hiyo, wadogo zangu, kwenye diski kila kadi iwe na folda yake na jina la faili lililotolewa na kamera msiliguse. Jina jipya mliweke ndani ya projekti. Huko faili halibadiliki.

Mimi huanza na tukio, kisha kamera, kisha namba, kisha kinachoonekana: PUNDA_B_07_anaanguka. Si lazima klipu zote mia sita zipate maelezo. Zile ambazo una hakika utazitafuta zinatosha.

Bini, yaani folda za ndani ya projekti, nazipanga kwa tukio: ZEFE, PUNDA, MASHUA, GOMA, MAHOJIANO. Nilijaribu kupanga kwa siku, haikusaidia, maana mwenye kazi husema “nipe punda”, hajawahi kuniambia “nipe Jumatano”. Na msifungue bini ya BAADAYE. Yangu iligeuka jaa.

Sasa maka, yaani alama unazoziweka kwenye klipu au taimlaini, ambazo ndizo huokoa muda. Tulikuwa na mahojiano ya nahodha mmoja, dakika 52. Niliyafungua kwenye dirisha la chanzo, nikasikiliza mara moja tu, na kila aliposema neno la maana nikabonyeza M. Ukibonyeza M tena, kisanduku kinafunguka, unaandika maneno yake mwenyewe: “tanga likachanika”. Maka hiyo imeshikana na klipu. Ukiikata na kuipeleka popote, inakwenda nayo.

Maka ya taimlaini haiko hivyo. Hiyo imeshika muda. Siku moja niliondoa dakika mbili za mwanzo na kuziba pengo, picha zikasogea, maka zikabaki palepale. Nilishtuka pale maka ya tanga iliponipeleka kwa punda. Dawa ni kuwasha Ripple Sequence Markers kwenye menyu ya Markers kabla hujakata. Hata hivyo maka za taimlaini naziacha hadi mkato umekaribia kutulia, kwa maagizo kama “matari yaingie hapa”, na nikishatekeleza agizo naifuta maka yake hapo hapo.