Kabla ya kujiandikisha, jiulize Agosti utakuwa wapi

"Jiandikishe, piga kura, dumisha amani." Nilikuwa mwanafunzi Eldoret nilipoliitikia neno la kwanza la wito huo. Maafisa wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, walileta mashine chuoni, nikatoa kitambulisho, nikachukuliwa alama za vidole na picha, nikarudi darasani nikiwa na furaha tele.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa nyumbani Voi, likizoni. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kwenye foleni ya shule ya msingi ya kwetu, nyuma ya bibi mmoja aliyekuja na kigoda chake. Zamu yangu ilipofika, niliweka kidole kwenye mashine. Haikunipata. Karani akaniuliza kwa upole, "Ulijiandikishia wapi, dada?" Nilipomjibu, alitikisa kichwa. Kura yangu ilikuwa Eldoret, safari ya usiku mzima kwa basi.

Ndugu yangu unayepiga kura mara ya kwanza, ulikojiandikisha ndiko utakakopigia kura. Uchaguzi ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Kama siku hiyo utakuwa kwenu, jiandikishe kwenu. Beba kitambulisho chenyewe au pasipoti ambayo haijaisha muda. Karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki. Na usiondoke kabla ya kuhakikisha jina na namba vimeingizwa sawasawa.

Kama tayari umejiandikisha mbali, usijiandikishe tena. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Omba kuhamishwa: nenda mwenyewe kwenye ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalotaka kuhamia, si lile unalotoka, na ufanye hivyo zaidi ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Mimi nimeshahamia Voi.

Neno la amani ndilo watu huliitikia harakaharaka bila kuuliza linafanywaje. Kwa niliyoyaona, fujo nyingi huanzia kwenye uvumi usiku wa kuhesabu: "Kituo fulani wameiba." Hapo ujue kuna fomu 34A. Kura huhesabiwa palepale kituoni mbele ya mawakala, matokeo ya urais yakaandikwa kwenye fomu hiyo, mawakala wakatia sahihi, na nakala ikabandikwa mlangoni. Mwaka 2022 IEBC iliziweka fomu hizo kwenye tovuti yake, yeyote azisome.

Usiku ule wa uchaguzi, ingawa sikupiga kura, kijana mmoja wa mtaani alikuja akipiga kelele kwamba hesabu ya shule yetu imebadilishwa. Vijana wenzake walishaanza kukusanyika. Binamu yangu alikuwa ameipiga picha fomu ya mlangoni. Tukafungua ile ya kwenye tovuti, tukaziweka simu mbili sambamba, tukasoma mstari kwa mstari kwa sauti. Zilikuwa sawa. Yule kijana akaomba atumiwe picha zote mbili, akaenda kuwaonyesha wenzake.