Hatari ya mfanyabiashara si hatari ya ukaguzi

"Jamani, nimefeli karatasi ya ukaguzi wa hesabu ya bodi ya wahasibu, NBAA, mara mbili. Kisa nakielewa, hatari naziona, ila alama hazipandi. Nakosea wapi?"

Ndugu yangu, nadhani unaitaja hatari na kuishia hapo. Chukua muuza vitenge wa jumla Kariakoo, anayefunga hesabu 31 Desemba. Ana doti 4,000 zilizolala stoo, kila moja ilimgharimu shilingi 18,000. Mitindo imebadilika, Januari anaziuza 15,000.

Ukiandika "mauzo yatashuka", hiyo ni hatari ya mwenye duka. Mtahini anataka kujua hesabu ipi huenda imekosewa, na kuelekea wapi. Bidhaa huonyeshwa kwa gharama au kwa kile kitakachobaki baada ya kutoa gharama za kuuzia kwenye bei ya kuuza, ile iliyo ndogo. Kama kuuza doti moja kunagharimu 1,000, inabaki 14,000, yaani 4,000 chini ya gharama kwa kila doti. Basi andika kwamba, kama bado zimeandikwa kwa 18,000, bidhaa na faida huenda zimezidishwa kwa shilingi milioni 16.

Kwenye taratibu za ukaguzi ndiko wengi wanakopotelea, na inaniuma kwa sababu alama zipo karibu. "Hesabu stoku" inathibitisha doti zipo, haisemi thamani yake. Sema unachukua nini, unakifanyia nini, na kwa nini: "Chukua risiti za mauzo ya Januari, toa gharama za kuuzia, linganisha na ankara za ununuzi, uone kama thamani imepunguzwa vya kutosha."

Risiti na ankara hizo ndizo ushahidi wako. Maneno ya meneja peke yake hayatoshi, hasa kama bonasi yake inategemea faida.