Miti ya Krismasi imebaki dukani: iandikwe kwa bei gani?

Shikamoo mwalimu. Nina duka la mapambo Kariakoo. Krismasi imepita, nimebakiwa na miti bandia 40. Nilikuwa nauza 60,000, sasa nimeshusha hadi 35,000. Nikifunga hesabu za 31 Desemba niiandike bei gani?

Marahaba. Tafuta namba mbili, kisha uandike iliyo ndogo.

Namba ya kwanza ni gharama ya kuufikisha mti dukani: bei uliyomlipa mwenye kiwanda, nauli ya meli, ushuru wa forodha, ada ya wakala na kirikuu kilichotoa mzigo bandarini. Kodi ya stoo na mshahara wa muuzaji havimo. Tuseme ukijumlisha na kugawa kwa idadi ya miti, kila mmoja umekugharimu 38,000.

Namba ya pili ni kile kitakachobaki mkononi ukishauza. Bei ya sasa ni 35,000. Humo utatoa 3,000 za kijana anayekuletea wateja na 2,000 za kumpelekea mteja mzigo. Zinabaki 30,000. Hiyo ndiyo wahasibu wanaita thamani halisi ya kuuzika, na watu wengi hukosea hapa kwa kusimama kwenye 35,000 kana kwamba mti unajiuza wenyewe.

Kwa kuwa 30,000 ni ndogo kuliko 38,000, miti 40 itaingia kwenye mizania kwa 1,200,000, siyo 1,520,000. Tofauti ya 320,000 inaongezwa kwenye gharama ya mauzo ya mwaka huu huu. Ile 60,000 isahau kabisa. Stoku haiandikwi kwa bei iliyokuwa kwenye lebo.

Bei zangu zina VAT ndani. Nachukua bei ipi?

Bila VAT, kwa sababu hiyo siyo fedha yako. Ile 35,000 ya juu nimeichukulia kuwa haina VAT. Mti wenye lebo ya 41,300 yenye VAT ya asilimia 18 ni mti wa 35,000. Upande wa kununua ni vivyo hivyo: VAT unayoirudishiwa haiingii kwenye gharama. Ukiitoa upande mmoja na kuiacha upande wa pili, utakuta mti wa hasara unaonekana una faida.

Mimi nauza mapambo ya Krismasi na kanzu pia. Kanzu 50 zilibaki tangu Idi, nilizinunua 14,000 na zinauzika 22,000. Faida ya kanzu si inafidia hasara ya miti? Jumla yote bado iko juu ya gharama.

Haifidii. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu stoku, IAS 2, kinataka ulinganisho ufanywe bidhaa kwa bidhaa. Unaruhusiwa kuweka pamoja vitu vinavyofanana, kwa mfano kanzu za mshono mmoja zinazotofautiana saizi tu, lakini kanzu na mti wa Krismasi havina undugu. Faida ya kanzu utaihesabu siku zitakapouzwa. Hasara ya miti unaihesabu leo.

Na hizo kanzu zenyewe zisikutie hofu kwa sababu tu zimekaa miezi tisa kwenye mifuko. Ukifunga hesabu 31 Desemba 2025, Ramadhani inaanza katikati ya Februari 2026. Msimu wake uko mbele, wa miti uko nyuma. Ukitoa 1,000 ya kupiga pasi na kufungasha, kanzu inakuachia 21,000, juu ya 14,000. Basi iache kwenye 14,000. Ila zifungue uzitazame. Nyeupe iliyoota madoa ya njano shingoni haiuzwi 22,000, na hizo zenye madoa zitenge uzipimie bei yake.

Kwa nini nishushe wakati sina haraka? Naifungia miti stoo, Desemba ijayo nauza 60,000 kama kawaida.

Inawezekana uko sahihi, lakini mkaguzi atataka ushahidi, na ushahidi uko kwenye madaftari yako. Miti iliyobaki mwaka juzi uliiuza bei gani mwaka jana? Ikiwa rekodi zinaonyesha iliuzwa 55,000 bila taabu, una hoja: bei inayotafutwa ni ile unayoitarajia katika biashara ya kawaida, siyo bei ya kutupa ya wiki ya kwanza ya Januari. Lakini huwezi kuwa umebandika 35,000 mlangoni huku ukimwambia mkaguzi unangoja Desemba. Mpango ni mmoja.

Niliwahi kuhesabu stoku katika duka moja ambako mwenye mali aliniapia kuwa taa za mapambo "huwa zinakwisha zote". Nikabandua lebo ya boksi moja. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena, kila ya juu ikiwa na bei ndogo kuliko ile iliyoifunika. Boksi lilikuwa limepitisha Krismasi tatu. Sikuhitaji kumuuliza kitu zaidi.

Vitu vyenye mwaka juu yake havina mjadala. Kalenda ya 2025 ikifika 31 Desemba 2025 inauzwa kwa kilo kwa wafunga karanga, na bei ya kilo ndiyo thamani yake. Kalenda ya 2026 siku hiyo hiyo bado ina wiki chache za kuuzika. Kadiria ni ngapi zitatoka kwa bei nzuri, zilizosalia zihesabu kwa kilo.

Mauzo ya Januari ni ya mwaka mpya. Yanahusu nini hesabu za mwaka uliokwisha?

Yanaonyesha hali iliyokuwepo tayari. Ikiwa tarehe 10 Januari mti umeuzwa 35,000, basi tarehe 31 Desemba mti huo ulikuwa na bei inayokaribia hiyo, hata kama hukujua. Ndiyo maana mkaguzi huomba risiti za Januari na Februari kabla ya kitu kingine chochote.

Tenganisha tu jambo jipya. Mvua ya Januari ikijaza maji stoo na kuharibu miti iliyokuwa mizima 31 Desemba, hasara ya maji ni ya mwaka mpya. Swali la kujiuliza ni hili: sababu ya bei kuanguka ilikuwepo siku ya kufunga hesabu, au imetokea baadaye?

Nilishusha miti hadi 30,000 mwaka jana. Mwaka huu shilingi imeshuka, miti mipya inaingia kwa bei ya juu na ile ya zamani nayo imepanda. Naruhusiwa kurudisha?

Naam, na kwa IAS 2 ni lazima, ila dari ni gharama yako ya awali. Tuseme mwaka huu uliuza 25 kati ya ile 40 kwa 50,000. Hiyo huigusi, kwa kuwa faida yake imekwisha kuonekana kubwa zaidi kwenye mauzo. Zimebaki 15, na ukitoa gharama za kuuza kila mmoja sasa utakuachia 45,000. Unaipandisha kutoka 30,000 hadi 38,000, unasimama hapo. Ni 8,000 mara 15, yaani 120,000, na inapunguza gharama ya mauzo ya mwaka huu. Zile 7,000 za juu ya 38,000 zitaingia mti ukishatoka mlangoni na mteja akalipa.