Duma sita, au duma mmoja? Kuunganisha vipande vya video na simulizi isiyopita picha

Swali: "Nina vipande 38 vya video za duma wa Serengeti. Vingine nimepiga mwenyewe, vingine vimetoka kwenye simu ya dereva wa utalii, na vingine nimepewa na rafiki. Nimetengeneza rasimu ya dakika nane, na sehemu ya uwindaji inasimuliwa hivi: 'Duma alipanda juu ya kichuguu, akamwona swala, akamfukuza, akamkamata, akawalisha watoto wake, kisha fisi akaja akamnyang'anya.' Mtu mmoja aliyeitazama amesema simulizi inadanganya. Mbona kila jambo nililolisema hutokea kweli kwa duma? Nimeambatisha rasimu yote pamoja na vipande sita vya sehemu hiyo."

Jibu:

Ndugu msomaji, nimevitazama vipande vyako sita mara tatu, mara ya kwanza bila sauti. Aliyekukosoa ana haki, na kosa limejificha katika silabi moja ndogo, yaani ile "-ka-". Unaposema "akamwona, akamfukuza, akamkamata", sarufi yetu inamwambia msikilizaji kwamba ni mnyama yuleyule, siku ileile, na kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza. Picha zako hazisemi hivyo. Kila tendo peke yake linaweza kuwa kweli, lakini mnyororo unaoyafunga umeutengeneza wewe.

Tuanze na ushahidi uliomo ndani ya picha. Katika kipande cha kwanza duma yuko juu ya kichuguu, na kivuli chake kimelala kirefu juu ya majani, kwa hiyo ni mapema asubuhi au jioni. Katika kipande cha tano, ambamo mama na watoto wawili wanakula, vivuli viko chini ya matumbo yao, na hiyo ni saa ya karibu na adhuhuri. Majani ya kipande cha kwanza ni ya kijani, ilhali yale ya kipande cha tatu, cha mbio zenyewe, yamekauka na kuwa rangi ya dhahabu. Mtazamaji wa kawaida huenda asiweze kutaja tofauti hizo, lakini jicho lake huzihisi, na ndipo anaposema kwamba simulizi inadanganya bila kuweza kueleza ni wapi.

Halafu kuna mzoga. Simamisha kipande cha tano pale mama anaponyanyua kichwa, utaona mguu mwembamba wa rangi ya kahawia isiyo na mstari, na kwato ambazo bado ni laini. Huyo ni ndama wa nyumbu. Swala wa kipande cha pili ni swala tomi, mwenye ule mstari mweusi ubavuni. Basi hata kama duma angekuwa yuleyule, aliyefukuzwa siye aliyeliwa.

Na duma si yuleyule. Madoa ya duma hutofautiana baina ya mnyama na mnyama, na watafiti huwatambua kwa hayo pamoja na pete za mkia. Duma wa kichuguu ana pete nyeusi pana kabla ya ncha nyeupe ya mkia, ilhali yule wa mbio ana pete mbili nyembamba mahali hapohapo. Ukitaka kulinganisha madoa ya mwili, linganisha ubavu wa kushoto na wa kushoto, kwa sababu pande mbili za mnyama mmoja hazifanani. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutogeuza picha kama kioo ili wanyama wote waonekane wakielekea upande mmoja. Umefanya hivyo katika kipande cha tatu, nacho sasa kinaonyesha duma asiyekuwepo duniani. Kirudishe kilivyokuwa. Pale ambapo mielekeo inagongana, weka katikati picha isiyo na upande, kwa mfano swala waliotulia wakitazama kamera.

Kabla hujagusa tena simulizi, tengeneza daftari la vipande vyote 38. Mimi hutumia safu nne tu: namba ya faili, kinachoonekana, saa na mahali, na kile ambacho kipande hakionyeshi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayookoa kazi. Kwa kipande chako cha sita ningeandika hivi: "Fisi madoa mmoja, amesimama, ananusa upepo. Hakuna duma. Hakuna mzoga." Ukiyaona maneno hayo yameandikwa, mkono wako hautaandika tena "akamnyang'anya".

Tarehe na saa unaweza kuzisoma ndani ya faili kwa programu ya exiftool, ukiandika amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta:

```
exiftool -CreateDate -VideoFrameRate klipu05.mp4
```

Usiiamini saa hiyo kabla ya kuihakiki. Simu nyingi huandika saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kamera nyingi huandika chochote ambacho mwenye nayo aliweka. Ikiwa skrini inaonyesha 09:10 na kivuli kiko chini ya tumbo, basi kwetu ni 12:10, yaani saa sita na dakika kumi mchana, na kivuli kinakubali. Vipande vilivyopitia WhatsApp kwa kawaida hubaki na tarehe ya kutumwa tu au hukosa tarehe kabisa, na ubora wake pia umeshapungua. Mwombe dereva akupe faili ya awali kutoka kwenye simu yake.

Kuhusu kasi ya fremu, yaani idadi ya picha katika kila sekunde ya video, nitasema kidogo. Kamera yako imepiga fremu 50 kwa sekunde, na simu imepiga takriban 30, tena zisizo na mwendo sawa, jambo ambalo husababisha sauti kuachana na picha polepole. Ukiamua filamu iwe ya fremu 25, zisawazishe faili za simu kwa programu ya ffmpeg kabla ya kuziingiza kwenye programu ya kuhariri:

```
ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le simu25.mov
```

Kutoka 30 kwenda 25 fremu moja katika kila sita hutupwa, kwa hiyo mwendo wa haraka utarukaruka kidogo. Vipande vya simu vitumie kwa wanyama waliotulia, na mbio ziachie kamera yako. Fremu 50 zikichezwa kwa 25 zinakupa mwendo wa nusu kasi ulio laini, lakini hapo usiseme neno lolote kuhusu kasi ya duma, maana picha imeshaipunguza.

Sasa turudi kwenye maneno. Kiswahili kimetupa chombo ambacho waandishi wa simulizi za wanyama hukisahau, nacho ni "hu-" ya mazoea. Ukisema "duma huona mbali akiwa juu ya kichuguu", unazungumzia duma kwa jumla, na picha inakuwa mfano tu. Ukisema "anatazama", unamzungumzia huyu aliye mbele yetu sasa, na picha lazima ikulipe papo hapo. Ukisema "akatazama", unadai kwamba kuna tukio lililotangulia na kwamba picha zote ni zake. Basi "-ka-" itumie ndani ya kipande kimoja kisichokatwa, au kwenye vipande ambavyo daftari linathibitisha kuwa ni vya tukio moja. Kwingine kote tumia "hu-" na "-na-".

Jambo jingine la bahati ni kwamba "a-" yetu haina jinsia. Wenzetu wa lugha nyingine hulazimika kuamua kama mnyama ni wa kike au wa kiume kila wanapofungua kinywa, ilhali sisi tunaweza kunyamaza. Neno "mama" liweke pale tu anapoonekana na watoto wake. Katika kipande chako namba 22 kuna duma watatu wakubwa wanaotembea pamoja, nawe umewaita familia. Duma jike aliyekomaa huishi peke yake au na watoto wake, na madume ndio hufanya vikundi vya kudumu. Ila ndugu waliotoka kwa mama yao karibuni nao hutembea pamoja kwa muda. Picha haituambii ni lipi kati ya hayo, kwa hiyo sema "duma watatu" na uendelee.

Kwa sehemu ya uwindaji, mimi ningeipanga hivi. Picha ya kichuguu, sekunde tisa: "Kutoka juu ya kichuguu, duma huona mbali." Swala tomi, sekunde saba: "Swala tomi ni miongoni mwa mawindo yake ya kawaida." Mbio, sekunde kumi na mbili, bila neno lolote. Kisha picha ififie hadi weusi, na ibaki hivyo sekunde moja nzima, ili mtazamaji ajue kwamba tumeondoka pale. Inapofunguka kwa mama na watoto: "Ni adhuhuri, siku nyingine. Mama na watoto wawili wanakula ndama wa nyumbu." Mwisho fisi: "Duma hula kwa haraka, kwa kuwa mara nyingine hupokonywa mawindo. Fisi madoa hunusa mzoga kutoka mbali." Hakuna aliyesema kwamba fisi huyu alimpokonya duma yule, na hatari bado inahisiwa. Tena usimwongezee fisi uroho wa hadithi za bibi, kwani fisi madoa wa Serengeti huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao.

Angalia pia watoto. Katika kipande cha 31 wana manyoya marefu ya kijivu mgongoni, ambayo mtoto wa duma huwa nayo katika miezi ya mwanzo, na katika kipande cha tano hayapo. Rasimu yako imetanguliza kipande cha tano, kwa hiyo watoto wanarudi uchanga mbele ya macho yetu. Vibadilishe nafasi, na hata hapo usiseme kwamba ni watoto walewale mpaka alama zao zimekubali.

Sauti ni mahali pa mwisho. Kipande cha kichuguu kilipigwa kwa lenzi ndefu na sauti yake ni upepo na injini ya gari, hivyo ulikuwa na sababu ya kuiondoa. Ila ulichoweka badala yake ni ngurumo ya simba. Duma hangurumi. Huita kwa mlio mkali mfupi unaofanana na wa ndege, na akiridhika hukoroma kama paka wa nyumbani. Weka upepo wa nyika na ndege wa saa hiyo, urekodi wako mwenyewe ukiwa nao, na mdomo wa duma ukiwa umefungwa usimpe mlio wowote.

Unaposoma simulizi kwa kurekodi, pima maneno yasizidi mawili kwa sekunde, kwani maneno yetu ni marefu. Maneno ya fisi hapo juu ni kumi na sita, kwa hiyo kipande cha sita kinahitaji kuwa na urefu wa angalau sekunde nane. Chako kina sekunde sita. Ama utafute fisi mwingine kwenye vile 38, ama uanze maneno juu ya picha ya mama anayekula, na neno "fisi" lianguke pale fisi anapoonekana.