Mwaka uko sawa, mpangilio ndio unaokula maksi

"Wakuu, nimejibu swali la sababu za Muungano: 'Mwaka mmoja baada ya uhuru wa 1963 yakatokea Mapinduzi ya 1964. Tanganyika na Zanzibar zikaungana 1964, kisha jeshi la Tanganyika likaasi 1964.' Miaka iko sawa? Na niweke hitimisho?"

Futa hiyo "kisha" sasa hivi kabla hujakusanya karatasi. Miaka yako yote ni sahihi na jibu bado ni bovu, yaani kosa hilohilo ndilo lililonikata maksi za swali zima, sababu mwalimu wetu wa tuisheni alikuwa anatuimbia "shikeni mwaka tu, siku na mwezi ni mapambo". Mapambo gani wakati matukio matatu yamebanana ndani ya 1964 moja? Mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira, tulimlipa hela za watu yule.

Angalia. Andika pembeni siku na mwezi wa kila tukio, sio mwaka peke yake. Uhuru wa Zanzibar 10 Desemba 1963. Mapinduzi 12 Januari 1964. Maasi ya jeshi yalianza 20 Januari pale kambi ya Colito, Dar. Mkataba wa Muungano ulisainiwa 22 Aprili, Muungano wenyewe ukaanza 26 Aprili. Sasa rudi kwenye jibu, zungushia kila neno la mpangilio, kabla, baada, kisha, baadaye, halafu uliza kila moja kama tarehe zinalikubali.

"Mwaka mmoja baada ya uhuru" inakataa papo hapo, hesabu kutoka 10 Desemba mpaka 12 Januari, ni siku 33. Ukitoa 1963 kwenye 1964 unapata moja, ndio maana inadanganya watu.

Lakini inayoua jibu ni ile "kisha". Maasi yalitangulia Muungano kwa miezi mitatu na ushee, na wengi wanaoeleza sababu za Muungano wanayataja kwenye hoja ya usalama, maana Nyerere ilibidi aombe askari wa Kiingereza waje kuyazima. Ukiyaweka baada ya Muungano umeigeuza sababu kuwa matokeo, na msahihishaji hawezi kukupa maksi ya sababu iliyotokea baada ya jambo lenyewe, hata aipende vipi hati yako.

Na cheo nacho kina tarehe mkuu, usije ukaandika "Rais Nyerere" kwenye uhuru wa Tanganyika wa 1961, pale alikuwa Waziri Mkuu, urais ni 9 Desemba 1962.

Iandike hivi: "Siku 33 baada ya uhuru wa Zanzibar yakatokea Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Siku nane baadaye jeshi la Tanganyika likaasi. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo nchi hizo mbili zikaungana."