Diski ya ndani inaonyesha Unallocated, data zangu zimeenda wapi?

"Wakuu, D imepotea baada ya kupiga Windows upya. Disk Management inaandika 931.51 GB Unallocated. Nifanye New Simple Volume?"

Usibonyeze hiyo, mkuu. Kwanza angalia mstari ulio juu ya diski. Ukiwa wa bluu na neno NTFS linaonekana, patisheni ipo, imekosa herufi tu. Bonyeza kitufe cha kulia, chagua Change Drive Letter and Paths, kisha Add. Ikigoma, fungua Command Prompt kama msimamizi:

```
diskpart
list volume
select volume 3
assign letter=E
```

Hiyo 3 ni mfano. Weka namba utakayoiona kwenye orodha yako. Vile vipatisheni vidogo vya EFI na Recovery usiviguse, havina herufi kwa makusudi.

Yako lakini ni mstari mweusi, kama diski niliyoletewa na jamaa ambaye fundi wake alifuta patisheni za diski isiyo yenyewe wakati wa kuweka Windows. Kufuta patisheni huondoa maelezo yake kwenye jedwali la patisheni. Mafaili yanabaki yalipokuwa. New Simple Volume ndiyo inayoharibu, kwa sababu fomati ya haraka huandika MFT mpya, yaani daftari la majina ya mafaili, na mara nyingi inaangukia palepale ilipokuwa ya zamani. Kwenye SSD ni mbaya zaidi: fomati hutuma TRIM, amri inayoiruhusu SSD kufuta data ya zamani, na hapo usitegemee kurudisha kitu.

Nilitumia TestDisk, programu ya bure ya kurudisha patisheni. Nilichagua diski kwa kuangalia ukubwa na jina lake, nikakubali aina ya jedwali la patisheni iliyopendekeza, EFI GPT, halafu Analyse na Quick Search. Zikatokea NTFS mbili zilizopandana: moja ya karibu 500 GB, nyingine ya diski nzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanachukua ya kwanza na kuandika. Simama juu ya kila mstari, bonyeza P uone mafaili yaliyomo. Ile ndogo ilikuwa mabaki ya mgawanyo wa zamani, ikagoma kufunguka. Kubwa ikaonyesha mafolda ya picha na majina yake kamili. Palepale, kwa `:` ya kuchagua na herufi kubwa `C` ya kunakili, nikanakili ya muhimu kwenye diski nyingine kabla ya kuandika chochote. Kisha mishale ya kushoto na kulia: kubwa nikaiweka P yaani Primary, ndogo ikabaki D yaani Deleted, Enter, Write, Y, nikawasha upya. Diski ikarudi, ikabaki kuipa herufi tu.

Quick Search ikitoka mikono mitupu, ipo Deeper Search, inachukua saa kadhaa. Ila ukianza kuona "Read error" nyingi au diski inagonga, zima. Hiyo inakufa, na kila usomaji unaimalizia. Inakiliwe yote kwanza kwa programu ya ddrescue, kazi ya kutafuta patisheni ifanyike kwenye nakala.