Usiamini jumla ya chini kwenye karatasi ya kuhesabu stoo

Nimetunza stoo za vifaa vya ujenzi kwa muda mrefu, na karatasi ninayoitumia kwenye kompyuta ni nyepesi: bidhaa, kipimo, idadi ya kwenye mfumo, idadi iliyohesabiwa, tofauti, bei ya kununulia, thamani ya tofauti, na safu ya kuonyesha cha kurudia. Nasisitiza bei ya kununulia. Ukiweka ya kuuzia, unaihesabu na faida ambayo haijaingia.

Anayehesabu simpi safu ya mfumo. Akishaona 140, macho yake yatatafuta 140. Namba za mfumo naziingiza mwenyewe baadaye, safu ya C, na hesabu yake D:

```
E2: =D2-C2
G2: =E2*F2
H2: =IF(ABS(G2)>=50000,"RUDIA","")
```

ABS inaondoa alama ya kutoa, ili ziada kubwa nayo irudiwe. Watu wengi wanafuatilia upungufu tu, kumbe ziada nayo ina habari zake.

Tuchukue mfano. Saruji: mfumo 140, stoo 131, mfuko 15,000, pungufu 135,000. Nondo za milimita 12: mfumo 220, stoo 232, moja 22,000, ziada 264,000. Misumari: mfumo 75, stoo 3, bei 3,500, pungufu 252,000. Ukijumlisha safu ya G unapata pungufu ya 123,000, na bosi anaweza kusema si mbaya. Lakini ukijumlisha bila kujali alama, ni 651,000. Hiyo ndiyo inayoonyesha vurugu iliyopo. Mimi huziandika zote mbili.

Zote tatu zimevuka 50,000, basi zinarudiwa, na anayerudia awe mtu mwingine asiyeijua hesabu ya kwanza. Kabla hajaenda, angalia safu ya kipimo. Misumari kwenye mfumo imo kwa kilo, stoo ilihesabiwa kwa boksi. Maboksi 3 ya kilo 25 ni kilo 75. Tofauti imekwisha bila mtu kuinuka kitini.

Nondo zinarudi 232 zilezile. Hapo fungua kitabu cha mauzo: fundi mmoja alilipia 12, mfumo ukazitoa, ila bado hajaja na gari. Si mali ya duka tena. Zifungwe kamba, ziandikwe jina lake, zisihesabiwe.

Saruji nayo inabaki 131. Kwenye hati za kutolea mzigo kuna mifuko 6 iliyotoka jioni bila kuingizwa kwenye mfumo. Iingize kwanza, mfumo ushuke hadi 134. Zinabaki 3 zisizo na maelezo, shilingi 45,000, na hizo tu ndizo za kumpelekea bosi asaini kabla ya kurekebisha mfumo. Mfumo usiguswe mapema, kwa sababu ukishaandika 131 leo na mtu akaingiza ile hati ya mifuko 6 kesho, utasoma 125 huku stoo ikiwa na 131.